Kabla hujatangaza kodi ya chumba

Ukipanga kodi ya chumba au apatimenti, usichukue tu wastani wa matangazo ya jirani. Tangazo lililokaa muda mrefu mara nyingi ni la chumba kilichokosa mpangaji. Vya bei nzuri huondoka mapema. Andika matangazo kama manane ya vyumba vinavyofanana na chako (choo cha ndani, maji, umeme umo kwenye kodi au la), kisha yatazame tena baada ya wiki mbili. Yaliyoondolewa ndiyo yanakuonyesha bei ya soko. Yaliyobaki, hizo ni ndoto za wenye nyumba.

Halafu piga hesabu ya chumba kukaa wazi. Ukidai 100 kwa mwezi na mwezi mmoja ukapita bila mtu, mwaka unakuletea 1,100. Ukikitoa kwa 92 siku ya kwanza, unapata 1,104. Lakini ukiona kwa 100 mpangaji atapatikana ndani ya wiki tatu, subiri: hizo wiki zinakula kama 69, ilhali kushusha bei kunakula 96 kwa mwaka. Zikifika wiki nne na simu hazijapigwa, shusha.