Wasifu wa mpishi: jinsi ya kupata idadi ya kweli ya sahani kwa siku

Juzi binti mmoja tuliyewahi kupika naye alikuja kwangu Kondele akiwa ametoka kwenye mahojiano ya kazi hapa Kisumu. Kwenye sivii yake alikuwa ameandika kwamba anapikia watu 500 kwa siku. Shefu aliyemhoji alimuuliza swali moja tu: "Jikoni kwenu mnamaliza beli ngapi za unga kwa siku?" Akajibu, moja. Mahojiano hayakwenda mbali baada ya hapo.

Beli moja ina pakiti 12 za kilo 2, yaani kilo 24. Sahani ya ugali wa hoteli hula gramu 240 hivi za unga, kwa hiyo beli moja ni sahani 100. Ugali wa watu 500 ungetaka beli 5. Binti huyu hakuwa mwongo. Aliwahi kupika kwenye matanga kule Siaya, watu wakafika 500, na idadi hiyo ikamkaa kichwani. Tulikaa siku nzima tukiurekebisha wasifu huo, na karibu muda wote uliishia kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Ukubwa wa jiko

Usiandike "jiko kubwa". Andika wapishi wangapi kwa shifti, ndimi ngapi za gesi, majiko mangapi ya makaa, friza ngapi, na viti vingapi upande wa wateja. Yeye alikuwa na wapishi 3, gesi ya ndimi 4, majiko 2 ya makaa, friza 1 na viti 48. Inatosha.

Hatua ya 2: Aina za mapishi

Taja vyakula kwa majina. Mbuta wa kukaanga, ngege wa mchuzi, omena, osuga, kuku wa kienyeji, pilau, chapati. Ukiandika "vyakula vya kizungu" utapelekwa jikoni upike kimoja mbele ya shefu, basi taja kile unachoweza kukipika leo bila kuuliza mtu.

Hatua ya 3: Sahani kwa siku

Hapa ndipo wengi hubahatisha. Nilipomuuliza, alisema, "Mama, mimi napika tu, kuhesabu ni kazi ya kaunta." Lakini mpishi anaweza kuhesabu bila kaunta, kwa kufuata kilichotoka storo.

Kwanza tafuta rekodi. Bahati nzuri, kila jioni alikuwa akipiga picha daftari la storo na kumtumia mwenye hoteli kwa WhatsApp. Picha zilikuwa bado kwenye simu, kurasa zina alama za vidole vya unga. Tulichukua siku 14 mfululizo. Siku moja au mbili hazitoshi, kwa sababu unaweza kuangukia siku ya mvua au siku ya mshahara.

Kwa kila bidhaa fanya hesabu hii:

```
kilichotumika = salio la jana + kilichoingia - salio la leo
```

Kisha gawanya kwa kiasi cha sahani moja. Vipimo vyetu vilikuwa gramu 240 za unga kwa ugali, gramu 125 za mchele mkavu kwa wali, na chapati 2 kwa sahani, kilo moja ya ngano ikitoa chapati 11. Usinakili vipimo hivi. Hoteli nyingine hupakua ugali mdogo, na kuna wanaotoa chapati moja na ndengu. Kama bado uko kazini, pima unga kabla ya kusonga, halafu uhesabu sahani zinazotoka kwenye sufuria hiyo. Fanya hivyo mara tatu.

Siku ya kawaida kwake ilitoka hivi: unga kilo 24, sahani 100. Mchele kilo 5, sahani 40. Ngano kilo 4, chapati 44, sahani 22. Jumla 162. Jumapili, siku kubwa ya soko la Kibuye, unga ulifika kilo 36 na mchele kilo 7, chapati zikawa sahani 24, jumla 230.

Sasa angalia mahali hesabu inapodanganya. Unga wa uji wa asubuhi hutoka kwenye beli ile ile, kwa hiyo utoe kwanza. Kwao uji ulikuwa wa wimbi, ukawa na hesabu yake. Mteja anayeongezewa ugali si sahani mpya. Chakula cha wafanyakazi kisihesabiwe kama mauzo. Na ukihesabu ugali kisha uhesabu samaki, umemhesabu mtu yule yule mara mbili. Hesabu wanga peke yake, kwa kuwa kila sahani ina wanga wa aina moja. Anayechanganya wali na chapati atakuharibia kidogo, ndiyo maana unaandika "takriban".

Tulishusha 162 hadi 150, na 230 ya Jumapili hadi 210, kwa ajili ya nyongeza na chakula cha wafanyakazi. Mimi hupendelea kushusha, kwa sababu ukiulizwa unataka hesabu isimame. Matanga tukayapa mstari wake: upishi wa hafla, hadi watu 500, mara 4 kwa mwaka. Na kwa kuwa wapishi walikuwa 3, tukataja sehemu yake.

Mstari ukawa hivi:

"Jiko la wapishi 3, viti 48. Takriban sahani 150 siku za kawaida na 210 Jumapili. Nilisimamia samaki na ugali."

Tangazo la kazi likiwa la Kiingereza, andika Kiingereza. Hesabu haibadiliki.

Hatua ya 4: Usalama wa chakula

Cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ile medikali, hudumu miezi 6, kwa hiyo andika mwezi kinapoisha. Kikiwa kimeisha, kapimwe kabla ya kutuma maombi. Kisha andika jambo moja unalolifanya kwa mikono yako. Wengi huandika HACCP, ule mfumo wa kudhibiti hatari kwenye chakula, wakakwama wakiulizwa. Binti huyu aliandika kwamba samaki mbichi hukaa rafu ya chini ya friji, chini ya vyakula vilivyoiva, na kwamba husoma kipimajoto asubuhi na jioni: friji isizidi nyuzi 5, friza iwe −18. Alikuwa akifanya hivyo kweli. Kama jiko lako halina kipimajoto, usitaje nyuzi.

Hatua ya 5: Storo

Hesabu ya hatua ya tatu inakufaa hapa pia. Siku moja salio la ngege lilikuwa 6, wakaingia 20, jioni wakabaki 4. Basi 22 walitoka, lakini bili zilionyesha 20. Alifuatilia akagundua wawili waliungua na hakuna aliyeandika. Tangu hapo daftari likawa na safu ya vilivyoharibika. Tuliandika: "Nilihesabu storo kila jioni na kulinganisha na bili, nilianzisha safu ya vilivyoharibika." Shefu akisoma hapo atauliza ilikuwaje, naye anayo hadithi ya wale ngege wawili.

Hatua ya 6: Kutuma

Ukurasa mmoja, safu moja, bila nyota za kujipimia ujuzi. Tuma PDF, usitume picha ya karatasi. Faili lipe jina lako na neno mpishi. Picha za daftari zibaki kwenye simu, na siku ya mahojiano nenda nayo ikiwa na chaji.