Bajeti ina salio, mbona mwanakandarasi bado anadai?

Kila tunapofunga vitabu Juni 30 hapa Kisumu, swali hili halikosi. Chukua mfano: bunge la kaunti limeidhinisha shilingi milioni 8 za kukarabati barabara ya murram huko Nyando. Mkataba ukatiwa sahihi kwa milioni 7.5. Kufikia Juni 30, kazi ya milioni 5.2 imekamilika, lakini fedha zilizotoka benki ni milioni 3 tu.

Hatua ya 1: Tenga idhini na pesa. Ile milioni 8 ni ruhusa ya kutumia, si pesa mkononi. Pesa hutoka baada ya Msimamizi wa Bajeti kuidhinisha zitolewe kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na mara nyingi huchelewa.

Hatua ya 2: Soma kwa msingi wa fedha taslimu. Hapa kinachohesabiwa ni malipo yaliyofanyika, kwa hiyo matumizi ni milioni 3 na salio ni milioni 5. Anayesoma ukurasa huo peke yake atadhani milioni 5 zimeokolewa.

Hatua ya 3: Soma kwa msingi limbikizi, yaani gharama huingia vitabuni kazi inapofanyika, hata kabla ya kulipwa. Serikali ilianza kuhamia mfumo huu Julai 2024. Gharama sasa ni milioni 5.2, na deni la milioni 2.2 linaonekana kwenye mizania.

Hatua ya 4: Pasua lile salio. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote:

```
8.0 - 3.0 = 5.0   salio
2.2   deni, kazi imeshafanyika
2.3   mkataba upo, kazi bado
0.5   haijaahidiwa mtu
```

Akiba ya kweli ni nusu milioni.

Hatua ya 5: Kagua tarehe. Kosa kubwa liko hapa. Nimewahi kukuta cheti cha kazi kimepigwa muhuri Juni 18, kikalala kwenye faili la mhandisi, na mhasibu akakiandika Agosti, siku alipokipokea. Deni likahamia mwaka usio wake. Linganisha tarehe ya kazi kupimwa na ile ya kuingizwa IFMIS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali. Ya kwanza ndiyo inayoamua mwaka.

Hatua ya 6: Fuata deni hadi mwaka unaofuata. Idhini isiyotumika hukoma Juni 30, kwa hiyo milioni 2.2 lazima itengewe nafasi katika bajeti mpya. Kwa fedha taslimu, ikilipwa Septemba itahesabiwa kama matumizi ya mwaka mpya, ingawa greda ilipita Nyando mwaka uliotangulia. Kwa msingi limbikizi, malipo hayo hupunguza deni tu. Gharama haiandikwi mara ya pili.

Ukipewa taarifa ya fedha taslimu, basi, usiishie kwenye jedwali la bajeti na matumizi. Fungua viambatisho vya nyuma, utafute orodha ya bili ambazo hazijalipwa. Deni la mwanakandarasi wetu limeandikwa huko.