Kuandika skripti ya insha ya sauti kwa maombi ya ufadhili: hatua ninazofuata na vijana wa Lamu

Miaka ya karibuni fomu nyingi za ufadhili hazitaki tena insha ya kurasa mbili. Zinataka sauti au video ya dakika mbili au tatu. Vijana wanaokuja kwangu Langoni huja na insha nzuri ya karatasi, wakaisoma mbele ya simu, na ikisikilizwa inakuwa kama taarifa ya mkutano wa wazazi. Hapa nitaeleza ninavyowasaidia, nikitumia insha ya binti mmoja wa Matondoni ambaye baba yake ni fundi wa majahazi. Swali lake lilikuwa: eleza tatizo moja la jamii yako na namna masomo yatakavyokusaidia kulikabili. Dakika tatu, Kiswahili au Kiingereza.

Hatua ya 1: Jua una maneno mangapi

Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo msemaji asiyeharakisha husema kama maneno 100 kwa dakika. Kiingereza hufika 130 hadi 150. Dakika tatu za Kiswahili basi ni maneno 270 hivi, ukiacha nafasi ya kupumua. Insha ya binti yule ilikuwa zaidi ya maneno 600. Usijaribu kuipunguza. Iweke kando kabisa.

Hatua ya 2: Msimulie mtu, simu ikirekodi

Mtu huyo asiwe mwalimu wako wala mtu anayeijua habari yako tayari. Kaa naye, weka simu mezani, sema. Usishike karatasi. Akikuuliza swali, mjibu. Majibu hayo mara nyingi ndiyo yanayoingia kwenye skripti.

Hatua ya 3: Andika ulichosema, neno kwa neno

Kwa mkono, si kwa kompyuta. Usirekebishe chochote, hata pale uliporudia. Ukianza kusafisha hapa, lugha ya karatasi itarudi kabla hujaiona.

Hatua ya 4: Geuza masimulizi kuwa skripti

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapokwama.

Insha yake ya karatasi ilianza hivi:

> Mimi ni mwanafunzi ninayetoka katika kijiji cha Matondoni, ambacho kinajulikana kwa shughuli za uundaji wa majahazi. Kutokana na upungufu wa mbao bora, vyombo vingi vinakabiliwa na changamoto ya uvujaji, jambo ambalo limeathiri pakubwa mapato ya wavuvi.

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini msikilizaji hawezi kurudi nyuma. Akifika kwenye "jambo ambalo" ameshasahau ni jambo gani, na hajamwona mtu hata mmoja.

Aliponisimulia kwa mdomo alisema hivi: "Baba yangu ni fundi wa majahazi, Matondoni. Sasa yeye akitia kalafati mimi huwa najua hata nikiwa ndani, ule mlio haufanani na wa kupiga misumari. Basi kukaja nahodha mmoja, mashua yake tumeishusha juzi juzi tu, akamwambia, fundi, maji yameingia tena. Baba hakujibu, yaani alinyamaza tu, akaenda akapanda akagusagusa zile mbao, akasema, hizi zilikuwa mbichi. Na alijua, dada, alijua tangu siku ya kwanza, lakini kavu hazikuwepo."

Hiyo tayari ni insha. Tulichofanya ni kuikata mistari, kila mstari pumzi moja, na kutoa visivyobeba kitu:

> Baba yangu ni fundi wa majahazi, Matondoni.
> Akitia kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya,
> najua hata nikiwa ndani.
> Mlio wake haufanani na wa misumari.
> Siku moja akaja nahodha.
> Mashua yake tulikuwa tumeishusha juzi juzi tu.
> Akasema: fundi, maji yameingia tena.
> Baba hakujibu.
> Akapanda, akagusa zile mbao, mojamoja.
> Akasema: hizi zilikuwa mbichi.
> Alijua tangu siku ya kwanza.
> Ila kavu hazikuwepo.

Angalia kilichobaki. "Akaja, akasema, akapanda, akagusa": hiyo -ka- ndiyo inayobeba hadithi ya Kiswahili, na ukiiacha ifanye kazi yake huhitaji "baada ya hapo" wala "hatimaye". "Kalafati" imebaki kwa sababu ndilo jina la kitu chenyewe, lakini imefafanuliwa papo hapo, kwani anayesikiliza huenda yuko Nakuru na hajawahi kuona chombo kikizibwa. "Yaani" na "sasa" zimetoka. Kwenye mazungumzo neno kama hilo humpa msemaji muda wa kufikiri. Kwenye rekodi ya dakika tatu hula sekunde. Lahaja usiiogope. Maneno ya baba yakiwa ya Kiamu, yaache hivyo hivyo mradi maana ishike. Msimulizi mwenyewe aseme Kiswahili anachokisema kila siku.

Jina lake na shule yake hazimo. Fomu imeshayachukua, na sekunde 15 za mwanzo ni ghali mno kuzitumia kwa hayo. Isipokuwa maagizo yakitaka ujitambulishe. Hapo tii, kwa sentensi moja.

Kisha likaja fungu la kueleza sababu. Wengi hapa hurudi kwenye "kutokana na". Sisi tuliandika:

> Ubao mbichi ukikauka, husinyaa.
> Ukisinyaa, mwanya hufunguka.
> Mwanya ukifunguka, pamba haina pa kushika.

Kila mstari unaanza na kile mstari uliotangulia ulichomalizia. Kwenye karatasi mwalimu angekukatia alama kwa kurudia. Kwa sikio ni mshipi wa kushikia, na msikilizaji asiyejua lolote kuhusu mbao hufika mwisho akiwa ameelewa. Vivyo hivyo, usiseme "hicho" au "yeye" ikiwa kuna vitu viwili vinavyoweza kumaanishwa. Rudia jina: mashua, mashua, mashua.

Sasa sehemu iliyotuchukua mchana mzima: mpango wake wa baadaye. Fungu la baba lilikuwa hai, halafu ghafla ikaja: "Nitatumia ujuzi nitakaoupata kuchangia maendeleo endelevu ya jamii yangu." Tuliivunja sentensi, tukaifupisha, tukabadili maneno, na bado ilisikika kama mtu mwingine ameshika simu. Akaniuliza, "Dada, mbona hapa nakwama kila mara?" Sababu ni kwamba fungu hilo hakuwahi kulisimulia. Habari ya baba aliwahi kuieleza kwa watu, lakini mpango wake aliuwaza kwa maandishi tu, kwa hiyo hapakuwa na maneno ya mdomo ya kuokota. Ukiona skripti yako inaanza kuzungumza vizuri halafu inakauka baada ya katikati, jua tatizo ni hilo, na kung'arisha sentensi hakutasaidia. Rudi hatua ya 2 kwa sehemu hiyo peke yake.

Swali linalofungua mdomo si "una malengo gani". Muulize: ukimaliza masomo ukarudi, siku ya kwanza asubuhi utafanya nini kwa mikono yako? Yeye alijibu bila kufikiri kwamba angejenga banda la kukaushia mbao, la nailoni, linalotumia jua. Nikamuuliza utajuaje ubao umekauka. Akajibu kama fundi:

> Nataka kusoma sayansi ya mbao.
> Nikirudi, nitajenga banda la jua, karibu na pale baba anapoundia.
> Nailoni juu, matundu ya kutolea mvuke.
> Nitakata kipande cha ubao, nikipime uzito.
> Wiki ijayo nikipime tena.
> Uzito ukiacha kupungua, ubao umekauka.
> Hapo ndipo baba aanze kupigilia.

Mkaguzi akisikia hilo anajua kwamba huyu ameufikiria mpango wake mpaka kwenye mizani. "Maendeleo endelevu" kila mwombaji analo.

Tahadhari tatu kabla hujaiacha hatua hii. Kwanza, masimulizi ya mdomo huzunguka. Ukiyaacha yote utazidi muda, kwa hiyo chagua tukio moja. Binti yule alikuwa na jingine zuri kuhusu babu yake, tukalitoa. Pili, takwimu isizidi moja, na iandike kwa maneno kama utakavyoitamka, la sivyo utasita katikati ukiifikiria. Yeye hakutumia hata moja. Tatu, soma skripti kwa sauti, na popote ulimi unapojikwaa mara mbili, usifanye mazoezi ya mstari huo. Ubadilishe. Mara nyingi utakuta "ambaye", "katika" au kitenzi cha -wa kimejificha hapo. "Vyombo vinaundwa na mafundi" geuza iwe "mafundi huunda vyombo".

Anayewasilisha kwa Kiingereza afuate njia hiyo hiyo, ila asimulie kwa Kiingereza tangu hatua ya 2. Ukisimulia kwa Kiswahili halafu ukatafsiri, lugha ya karatasi huingilia mlangoni.

Hatua ya 5: Rekodi

Fomu ikiruhusu sauti au video, mimi huchagua sauti daima. Kwenye video macho yanayosoma huonekana, na kijana huanza kufikiria uso wake badala ya baba yake. Video ikilazimika, bandika skripti kwa herufi kubwa nyuma tu ya simu, usawa wa kamera, na angalia mstari mmoja, inua macho, useme.

Simu yenyewe inatosha. Iwe kama sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige maikrofoni. Baraza na ufuo haufai: upepo ukiwa wa kusi au wa kaskazi huunguruma kwenye rekodi hata kama wewe huusikii, na mashine za boti hazina saa. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe huzuia kelele za nje, lakini kuta za chokaa hurudisha mwangwi. Piga kofi moja: ukisikia mlio unabaki hewani, tundika blanketi nyuma yako na uegemeze godoro mbele. Kanga ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Angalia saa za adhana kabla hujaanza. Punda akilia, ngoja amalize, urudie mstari mzima.

Usikariri. Skripti ya kukariri hutoka kwa kasi moja. Soma mstari kimya, vuta pumzi, mtazame mtu aliyekaa mbele yako, umwambie.

Hatua ya 6: Tuma

Sikiliza rekodi nzima kwa spika ya simu, si kwa visikizi tu, maana mkaguzi naye huenda akatumia spika. Faili ya WAV ya dakika tatu ni kama MB 16 kwa maikrofoni moja. M4A ya 128 kbps ni MB 3 hivi, na mtandao ukiwa dhaifu ndiyo inayopanda. Kama sheria zinakataza kuunganisha vipande, tuma rekodi moja isiyokatwa, hata ikiwa na kusita kidogo. Ya binti yule ilikuwa na kusita mahali pamoja, kabla ya "Alijua tangu siku ya kwanza", na tukaiacha.