Jeli na plasta za maumivu ya goti: namna ya kuzitumia bila kuumiza tumbo na figo

Dukani kwetu wengi wenye maumivu ya magoti huomba vidonge vya diklofenaki. Tumchukue mama wa miaka 64 mwenye magoti yaliyosagika, anayetumia losatani na kidonge cha kupunguza maji mwilini kwa ajili ya presha. Akiongeza vidonge vya diklofenaki juu ya hivyo viwili, figo zake huelemewa kutoka pande tatu, presha inaweza kupanda, na tumbo linaweza kufanya kidonda kisichouma mpaka siku anayotoa choo cheusi kama lami. Mtu kama huyu namwanzishia jeli.

Hatua ya 1: Hakikisha kiungo kinafaa. Kiungo kinapowaka, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu. Diklofenaki huzuia utengenezaji wake. Kidonge hupita tumboni na kusambaa na damu mwili mzima, wakati jeli hupenya ngozi na kukaa zaidi pale ilipopakwa. Ukipaka goti moja gramu 4 mara 4 kwa siku, dawa inayoingia kwenye damu ni takriban asilimia 6 tu ya ile ya vidonge. Kwa sababu hiyohiyo jeli hufaa goti, vidole na kifundo cha mkono, ambavyo viko karibu na ngozi. Nyonga iko ndani mno, haifikiwi.

Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, na homa juu, usipake chochote. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni usaha ndani ya kiungo.

Hatua ya 2: Soma kilichoandikwa kwenye tyubu. Tafuta diklofenaki ya asilimia 1, ibuprofeni au ketoprofeni. Dawa za kuchua zenye mentholi, kafuri au pilipili hupasha moto na kupoza hisia za maumivu, lakini si dawa hizi ninazozieleza. Zipo pia tyubu zilizochanganya diklofenaki na methili salisileti, ambayo ni ndugu wa aspirini. Anayedhurika na aspirini aziepuke.

Hatua ya 3: Pima. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kamua jeli kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza: hiyo ni karibu nusu gramu. Goti moja linahitaji gramu 2 hadi 4 kila unapopaka, yaani mistari 4 hadi 8 ya namna hiyo, mara 3 au 4 kwa siku. Mama yetu akianza na gramu 2 kwa kila goti mara 3, atatumia gramu 12 kwa siku, na tyubu ya gramu 30 itamfikisha siku mbili na nusu. Anayeniambia jeli haikumsaidia, namuuliza tyubu ilikaa muda gani. Akijibu mwezi mzima, najua alikuwa anapaka harufu tu. Ikiwa fedha haitoshi magoti yote mawili, bora atibu vizuri lile linalomtesa zaidi.

Hatua ya 4: Paka. Ngozi iwe safi, kavu, isiyo na kidonda. Sambaza goti zima, mbele na pembeni, usugue taratibu, kisha nawa mikono. Subiri dakika 10 kabla ya kuvaa nguo, na usioge kwa saa moja. Usifunge bandeji ya kubana wala kuweka chupa ya maji moto juu yake, kwani dawa nyingi itaingia kwa mkupuo. Ukitumia ketoprofeni, funika sehemu hiyo kwa nguo isipigwe na jua, pamoja na wiki mbili baada ya kuacha; ngozi inaweza kubabuka vibaya.

Plasta za diklofenaki zinafaa zaidi mtu aliyeteguka. Kwa kawaida hubandikwa moja asubuhi na moja jioni, bila jeli chini yake. Ukiibandua, ikunje upande wa gundi ndani na uitupe mbali na watoto, kwa kuwa bado ina dawa.

Hatua ya 5: Ipe muda, usichanganye. Nafuu huanza ndani ya wiki moja, wakati mwingine mbili. Usimeze ibuprofeni au diklofenaki huku unapaka. Maumivu yakizidi, parasetamoli inaruhusiwa kwa kipimo chake. Mjamzito, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, mwenye figo mbovu na anayetumia wafarini wamuone daktari kwanza, hata kwa jeli. Vipele vikitokea, acha. Na ikiwa wiki 3 zimepita kwa kipimo kamili bila nafuu, usiongeze tyubu nyingine: goti hilo linahitaji kupimwa.