Kabla hujaiachia Excel ipake rangi alama za darasa: mambo ya kuzingatia

Kwanza kabisa, kubalianeni ofisini alama ya kufeli ni ipi. Sekondari, kwa viwango vya NECTA vya kidato cha nne, F ni 0 hadi 29, D inaanzia 30, C 45, B 65 na A 75. Darasa la saba kila somo lina alama 50 na E inaishia 10, kwa hiyo ukichukua faili la rafiki yako wa sekondari lililowekwa mpaka wa 30, utapaka wekundu watoto waliopata C. Usiuandike mpaka ndani ya kanuni ya rangi. Uandike kwenye seli iliyo nje ya jedwali, ili mkibadilisha mawazo ubadilishe sehemu moja tu.

Nitatumia mfano wa Kidato cha Pili chenye wanafunzi 48. Majina yako safu B, masomo 9 yako safu C hadi K, mwanafunzi wa kwanza yuko mstari wa 5 na wa mwisho mstari wa 52. Seli P1 ina 30, seli P2 ina 65. Usiunganishe seli katikati ya jedwali, na usiache mstari mtupu kati ya wavulana na wasichana.

Sasa lile linaloumiza watu. Amua mapema mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani anaandikwaje, na hakikisha Excel inajua hivyo.

Mwalimu mmoja wa taaluma ninayemfahamu alifanya kama wengi wanavyofanya. Alichagua alama zote, akaenda `Home`, `Conditional Formatting`, `Highlight Cells Rules`, akachagua `Less Than`, akaandika 30, nyekundu. Akarudi, `Greater Than`, 74, kijani. Karatasi ikapendeza. Kisha akachuja kwa rangi ili apate orodha ya watoto wa kubaki jioni kwa vipindi vya ziada vya Hisabati, akachapa, akabandika, kikao cha wazazi kikafika.

Mama mmoja akasimama na swali. Binti yake alikuwa amelazwa wiki nzima ya mitihani, hata karatasi ya Kemia hakuiona. "Mwalimu, sasa hii kijani ya Kemia ameipata wodini?" Watu wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. Kwenye seli ile palikuwa na neno ABS, na limepakwa kijani sawasawa na aliyepata 88. Wakaanza kuangalia na nyingine. Kijana aliyehamia shule katikati ya muhula, ambaye alama yake ya Fizikia ilikuwa bado haijaletwa na mwalimu wa somo, alikuwa mwekundu kama aliyefeli, ilhali seli ilikuwa tupu. Kibaya zaidi kiligundulika baada ya kikao. Mtoto mwingine alikuwa amepata 20 ya Hisabati na seli yake ilikuwa kijani. Aliyeingiza alama alipiga 2 halafu herufi O badala ya sifuri. Kwa macho ni ishirini. Kwa kompyuta ni neno. Kwa kuwa orodha ya vipindi vya ziada ilichujwa kwa rangi, jina lake halikuwemo, na wiki zile zote alikuwa akienda nyumbani na wenzake waliofaulu.

Excel haikuharibika pale. Ina taratibu zake mbili ambazo hazikutangazii. Seli tupu ikilinganishwa na namba huhesabiwa kama 0, na 0 ni chini ya 30, hivyo nyekundu. Neno lolote likilinganishwa na namba huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo ABS inaizidi 74, inaizidi hata 100, na inapata kijani. 2O nayo, kwa kuwa ni neno, haiwezi kamwe kuwa chini ya 30. Ukitaka kumtambua neno aliyejificha, ondoa mpangilio wa katikati kwenye seli: namba huegemea kulia, maneno huegemea kushoto. Walimu tunapenda kuweka kila kitu katikati, na hapo ndipo dalili inapofutika. Namba iliyohifadhiwa kama neno huwa pia na kipembe cha kijani kwenye kona ya seli; usikipuuze. Ila 2O haina hata hicho kipembe.

Kwa hiyo achana na zile kanuni za tayari kwa kazi hii. Ingia `New Rule`, chagua `Use a formula to determine which cells to format`, na uanze na rangi ambayo wengi hawaiweki kabisa, yaani njano ya mashaka. Njano inasema: hapa hapana alama halali, na pia hapajaandikwa ABS.

```
=AND(C5<>"ABS",NOT(AND(ISNUMBER(C5),C5>=0,C5<=100)))
```

Seli tupu itakuwa njano, 2O itakuwa njano, 820 ya mtu aliyetaka kuandika 82 itakuwa njano. Na kuna mdudu mwingine itakayemkamata. Mwalimu akiandika 7/10 akimaanisha saba ya kumi, Excel huigeuza kuwa tarehe, na tarehe ndani ya kompyuta ni namba inayozidi elfu 40. Bila njano, huyo ndiye angekuwa kinara wa somo. Fanyeni utaratibu kwamba hakuna kuchapa kitu chochote mpaka njano yote iishe. Mwalimu wa somo asipoleta alama, njano yake ibaki inamsubiri.

Nyekundu sasa ni rahisi, maana inauliza kwanza kama ni namba ndipo inauliza ukubwa wake:

```
=AND(ISNUMBER(C5),C5<$P$1)
```

Aliyepata sifuri ya kweli atakuwa mwekundu, ambaye hakuwepo hatakuwa. Alama ya dola kwenye `$P$1` usiisahau. Bila hiyo, kanuni ya mstari wa 6 itatafuta mpaka kwenye P2, ya mstari wa 7 kwenye P3 ambako hakuna kitu, na utapata karatasi iliyopakwa ovyo usijue ilianzia wapi.

Na kabla ya kuandika kanuni, angalia ulivyochagua seli. Anza C5, buruta hadi K52, usianze chini kwenda juu. Katika eneo ulilochagua kuna seli moja inayobaki nyeupe. Hiyo ndiyo Excel inayoihesabu kama mwanzo, na kanuni yako lazima iitaje hiyo hiyo. Ukichagua kuanzia C4 penye vichwa huku kanuni inasema C5, rangi ya kila mtoto itapanda kwa jirani yake wa juu. Makosa haya hayapigi kelele. Karatasi inaonekana nzuri, ni majina tu yamekosea.

Tuje kwa wanaoongoza. Usitumie `Top 10 Items` kwa kuchagua masomo yote kwa mpigo, kwa sababu itachukua alama kubwa za jedwali zima, na kama mwalimu wa Kiswahili husahihisha kwa ukarimu, kijani yote itaangukia safu yake. Kanuni hii inahesabu kila somo peke yake, kwa kuwa herufi C haina dola mbele yake:

```
=AND(ISNUMBER(C5),C5>=$P$2,C5>=LARGE(C$5:C$52,3))
```

Inapaka watatu wa juu wa somo. Wakifungana, watapakwa wote: Historia ikiwa na 88, 81, 79 na 79, utaona kijani nne, na hivyo ndivyo haki inavyotaka. Kile kipande cha `$P$2` ni cha kuzuia aibu. Kuna mitihani ya Hisabati ambayo wa kwanza darasani ana 41. Ni wa kwanza, sawa, lakini ukimpaka kijani unamdanganya yeye na mzazi wake. Mimi naweka 65. Shule yako iamue yenyewe. Mkiamua kutopaka kijani kabisa kwenye nakala ya ubaoni pia si ajabu, NECTA wenyewe tangu Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Kijani ibaki kwa mwalimu wa darasa.

Wastani una mtego wake. `AVERAGE` huruka maneno na seli tupu, kwa hiyo aliyefanya masomo mawili tu na kupata 90 yote mawili atakuwa kinara wa darasa mbele ya aliyefanya yote tisa. Weka wastani kwa sharti:

```
=IF(COUNT(C5:K5)=9,ROUND(AVERAGE(C5:K5),0),"")
```

Ile `ROUND` inaondoa ubishi mwingine: wastani wa 29.6 unaoonekana kama 30 lakini umepakwa nyekundu. Kama shule yenu haipandishi alama kwa desimali, itoe, ila basi onyesha desimali kwenye karatasi ili mzazi aone sababu.

Kanuni zote zikishaingia, fungua `Manage Rules` uzipange: njano juu, nyekundu, kijani chini. Kisha kwenye nakala ya majaribio jaza safu moja kwa makusudi: 29, 30, 0, ABS, 2O, 7/10, na seli moja uiache tupu. Usiamini rangi yoyote kabla ya kuona 29 nyekundu na 30 haina kitu.

Mengine kwa kifupi. Walimu wakikuletea alama kwenye mafaili yao, bandika kwa `Paste Special` na `Values`, la sivyo wanakuletea na rangi zao, na baada ya muhula mmoja `Manage Rules` itakuwa na kanuni kumi zinazogombana. Ukiongeza mwanafunzi, mwingize katikati ya orodha halafu panga upya kwa majina, usimwongeze chini ya mstari wa 52 ambako kanuni haifiki. Mashine ya fotokopi ya shule haijui nyekundu wala kijani, zote zinatoka kijivu kimoja. Kwa nakala hiyo weka maandishi mazito kwa waliofeli na mstari chini kwa wanaoongoza, ndani ya kanuni hizo hizo. Faili lenye majina na alama nyekundu za watoto usilitupe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mpe kila mzazi mstari wa mwanawe. Nakala ya faili iwe mahali pawili. Flashi za stationeri zina virusi.