Kabla hujaipanga Gmail ili wateja wanaolipa waonekane kwanza

Mtafsiri anayejitegemea akipokea kazi kutoka kampuni za tafsiri za nje anajua kwamba ofa haimsubiri mtu. Meneja wa mradi huituma kwa watafsiri kadhaa kwa mpigo, na mara nyingi anayejibu mwanzo ndiye anayeichukua. Ofa hiyo ikizama chini ya majarida na barua za watu wanaoulizia bei tu, utaikuta kazi imeshakwenda. Gmail inaweza kuipandisha juu, ila yapo mambo ya kumaliza kabla hujagusa mipangilio yake.

Anza na ankara zako, maana kumbukumbu huwapendelea wateja wanaozungumza vizuri. Anayeingia kwenye orodha ni aliyelipa ankara ndani ya miezi sita iliyopita, mwenye oda ambayo haijakamilika, au aliyekwisha kutuma malipo ya awali. Mwingize pia unayemdai, hata kama kazi yake iliisha zamani, kwa sababu barua ya mhasibu wake anayeulizia namba ya akaunti yako ni pesa iliyo njiani. Anayekuahidi mradi mkubwa mwezi ujao bado ni mteja mtarajiwa. Mwache alipo.

Sasa kusanya anwani zao, na hapa usiharakishe. Tuseme una wateja wawili. Wa kwanza ni kampuni ya tafsiri: meneja wa mradi anakuandikia kwa anwani yake, mhasibu kwa nyingine, na oda zenyewe zinatumwa na mfumo wa kompyuta kwa anwani ya noreply ambayo huenda ikawa na kikoa tofauti kabisa. Ukiweka anwani ya meneja peke yake, siku akienda likizo na mwenzake akashika kazi, ofa zinarudi kwenye lundo. Kwa hiyo weka kikoa kizima cha kampuni, kisha ongeza anwani ya mfumo. Mteja wa pili ni mtu binafsi anayetumia Gmail. Huyo muandike kwa anwani kamili, kwani ukiweka gmail.com umefungulia mlango dunia nzima. Wala usiandike jina lake tu, maana utafutaji wa `from:` husoma hata majina.

Kichujio cha kwanza kitakuwa hivi, na hutengenezwa kwenye kompyuta kwa kuwa programu ya simu haina sehemu hiyo:

```
from:(@kampuni.example OR noreply@oda.example OR mteja@gmail.com)
```

Kipe lebo, tuseme Walipaji, kisha weka alama kwenye `Never send it to Spam`.

Kichujio cha majarida ndicho chenye mtego. Wengi hukamata neno `unsubscribe` na kuchagua `Skip the Inbox`. Tatizo ni kwamba barua za mifumo ya oda nazo huweza kuwa na neno hilo chini kabisa. Gmail haina utaratibu wa kichujio kimoja kumshinda mwenzake: vyote vinavyolingana na barua hufanya kazi. Oda itapata lebo ya Walipaji, na papo hapo itaondolewa kwenye kikasha. Dawa yake ni kuwatoa wateja ndani ya kichujio cha majarida chenyewe:

```
unsubscribe -from:(@kampuni.example OR noreply@oda.example OR mteja@gmail.com)
```

Kabla ya kukihifadhi, bandika mstari huo kwenye kisanduku cha kutafutia na upitie matokeo. Ukiona hata barua moja ya kazi, kuna anwani uliyoisahau.

Baada ya hapo chagua `Priority Inbox` kwenye mipangilio ya kikasha na uipe lebo ya Walipaji sehemu ya juu. Kwenye simu ya Android, washa usawazishaji wa lebo hiyo kwanza, halafu arifa zake, na uzime zile za kikasha kizima. Watarajiwa hawahitaji kichujio. Watabaki chini, uwasome saa uliyojipangia, kwa sababu wateja wa kesho hutoka kwao.

Mtarajiwa akishalipa, mwongeze kwenye vichujio vyote viwili siku hiyohiyo. Kumwongeza kwenye kimoja na kusahau kingine ndiko kunakoharibu mpango huu baada ya miezi michache.

Na ukipata barua inayojitaja kuwa ya kampuni unayofanya nayo kazi lakini haina lebo, usianze kutafsiri. Huenda ni mfanyakazi mwenye anwani mpya, huenda ni tapeli aliyeazima jina la kampuni ili apate tafsiri ya bure. Muulize meneja kwa anwani uliyokuwa nayo tangu awali.