Kabla hujatoa dhamira: mambo ya kuangalia unapochambua mahojiano

Mwanafunzi wa saikolojia akishamaliza mahojiano yake 12, huwa anaona kazi kubwa imekwisha. Ana mamia ya kurasa za maneno ya watu, amebakiza "kutoa dhamira" tu, yaani mawazo makuu yanayobebwa na maneno hayo. Miezi miwili baadaye unamkuta na sura ya matokeo yenye vichwa vinne: Changamoto za Kiuchumi, Athari za Kisaikolojia, Mahusiano ya Kifamilia, Mapendekezo ya Washiriki. Ukichukua mwongozo wake wa maswali ukaulinganisha na sura hiyo, vichwa ni vile vile. Huyo hajachambua, amepanga majibu kwenye makabati. Nalisema hili bila kumcheka mtu, maana na mimi niliwahi kupeleka sura ya namna hiyo, na msimamizi wangu akairudisha na maneno machache pembeni: "Haya uliyajua kabla hujatoka nyumbani."

Kosa hilo huonekana mwishoni, lakini huzaliwa mapema zaidi, kwenye mambo ambayo mtu hakuyaweka sawa kabla ya kugusa msimbo wa kwanza, yaani lile jina fupi unalokipa kipande cha maneno ya mhojiwa. Nitayaeleza kwa mfano mmoja wa kutunga: utafiti wa waendesha bodaboda 12 mjini Morogoro, ambao walipata ajali, wakapona, wakarudi barabarani. Swali la utafiti ni jinsi wanavyoishi na hofu baada ya kurudi kazini.

Cha kwanza ni kujua unafuata uchambuzi wa dhamira wa aina gani, kwa sababu jina ni moja na mambo ni tofauti. Wengi hutaja makala ya Virginia Braun na Victoria Clarke ya mwaka 2006, ile yenye hatua sita: kuyazoea mahojiano, kuweka misimbo, kutafuta dhamira, kuzipitia upya, kuzipa maana na majina, kisha kuandika. Wachache husoma walichoandika baadaye. Mwaka 2019 wenyewe walieleza kwamba njia yao ni ya kujitafakari: mtafiti ndiye anayezijenga dhamira kwa macho yake, elimu yake na maisha yake. Hata ile hatua ya "kutafuta" dhamira waliibadilisha jina, kwa sababu ilifanya zionekane kama embe lililofichwa kwenye majani, likingoja kuchumwa. Ukifuata njia hii, huhitaji wasimbaji wawili wanaolinganishwa kwa kapa, yaani namba ya kupima walivyokubaliana. Zipo njia nyingine zinazotumia orodha ya misimbo iliyokubaliwa mapema na kupima makubaliano hayo, na ni halali kabisa. Kinachokuponza ni kuchanganya: kuandika ukurasa mzima kuhusu kujitafakari, kisha kujivunia kapa ya 0.82. Mtahini makini ataanzia hapo hapo.

Idadi ya mahojiano nayo iangalie kwa jicho hilo. Ile 12 inayopendwa ina asili yake: mwaka 2006 Greg Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba misimbo mingi ilikuwa imeshapatikana ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Kundi lao lilifanana sana na maswali yalikuwa yamepangwa vizuri. Kama waendesha bodaboda wako ni vijana na wazee, wenye pikipiki zao na wasio nazo, usiitumie 12 kama hirizi.

Cha pili ni maandishi yenyewe. Igeuze sauti kuwa maandishi wewe mwenyewe, angalau mahojiano matatu ya mwanzo, hata kama una hela ya kumlipa mtu. Saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kazi, lakini ndani ya saa hizo ndimo unamosikia yasiyoandikika kirahisi. Mhojiwa akisema "nilirudi tu kazini" huku akicheka, na mwingine akasema maneno hayo hayo baada ya kunyamaza muda mrefu, hawajasema kitu kimoja. Weka alama ya kicheko na ya kimya.

Na usitafsiri kabla ya kuweka misimbo. Hapa nashikilia msimamo, hata tasnifu ikiwa itaandikwa kwa Kiingereza. Mtu akikwambia "nina mawazo," anakwambia ana mzigo moyoni. Ukilipeleka neno hilo Kiingereza kama lilivyo, linabaki kama mtu aliyekaa anafikiri. Neno la Kishona la Zimbabwe, kufungisisa, linalobeba maana ya kufikiri kupita kiasi, limeingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013, DSM-5, likiwa na maelezo yake kama njia ya watu ya kuizungumzia dhiki. "Mawazo" yetu yanastahili uangalifu huo. Weka misimbo kwa Kiswahili, kisha tafsiri zile nukuu chache zitakazoingia kwenye sura.

Kabla ya kuanza, fungua pia daftari uandike unachotarajia kukikuta. Mimi ningeandika: "Nadhani watasema wanaogopa, na nadhani wataona aibu." Ukikuta baadaye dhamira zako zinafanana mno na ukurasa huo, rudi kwenye mahojiano.

Sasa misimbo yenyewe. Chukua kipande hiki cha mshiriki wa 4:

"Siku ya kwanza nimerudi kijiweni, akaja abiria anataka Msamvu. Nikamwambia pikipiki ina pancha. Haikuwa na pancha. Nimekaa pale mpaka jioni. Nyumbani nikasema leo biashara mbaya."

Msimbaji mwenye haraka ataandika pembeni: hofu, kazi, familia. Maneno hayo matatu hayana kosa, ila hayana faida. Ukiyasoma wiki tatu baadaye bila kipande chenyewe, huwezi kukumbuka kilichosemwa. Msimbo mzuri una kitendo ndani yake na unaweza kusimama peke yake: "anasingizia chombo ili asitaje hofu", "anakaa kijiweni bila kubeba abiria", "anaficha nyumbani sababu ya kukosa hela". Angalia tena: neno hofu hakulitamka mahali popote. Msimbo wa pili unashika kilichosemwa wazi, wakati wa kwanza unashika kilicho chini ya maneno. Vyote viwili vinahitajika, ila ule wa chini uwe na ushahidi kwenye kipande, na hapa ushahidi ni "haikuwa na pancha".

Kwa vifaa, jedwali la Excel la safu nne linatosha: namba ya mshiriki, kipande, msimbo, na maoni yako. Programu ya NVivo ni nzuri kwa kuhifadhi na kutafuta, lakini haitakwambia kijana yule alidanganya kwa sababu gani. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, rudia kwa kuanzia mahojiano ya 12 kurudi la 1. Msimbo ulioubuni kwenye mahojiano ya 9 huenda una mifano kwenye la 2 ambayo hukuiona, kwa kuwa siku hiyo jicho lako lilikuwa bado geni.

Kabla hujaanza kukusanya misimbo kuwa dhamira, shika tofauti kati ya mada na dhamira. Mada ni kitu ambacho watu wamekizungumzia. Dhamira inasema jambo juu ya kitu hicho, na ina wazo moja la katikati linaloifunga misimbo yote iliyo ndani. "Hofu" ni mada. "Hofu haina ruhusa kijiweni" ni dhamira inayoanza kuota. Jipime hivi: jaribu kuieleza dhamira kwa sentensi moja ambayo mtu anaweza kuipinga. Hakuna anayeweza kupinga "athari za kisaikolojia", kwa kuwa haijasema lolote.

Tuseme sasa tumeijenga hiyo dhamira. Ndani yake kuna pancha ya uongo, kuna anayejidai mguu unauma kila mvua ikinyesha, kuna anayecheka na wenzake wanapomtania kuhusu ajali. Inapendeza. Hapo ndipo watu wengi huhamia kwenye kuandika, na hapo ndipo ningekuomba usimame. Rudi kwenye mahojiano yote 12 ukiwa na swali moja tu: nani anaikataa dhamira hii?

Kwenye mfano wetu wanapatikana wawili. Mshiriki wa 7 anasema aliwaambia wenzake wazi, "usiku siendi tena, naogopa," na kijiwe kikamwelewa. Wa 11 vile vile. Kishawishi ni kuwaacha, au kuwataja kwa mstari mmoja kama "wachache waliotofautiana". Lakini ukizisoma habari zao upya unakuta kitu: wote wawili wanaendesha pikipiki zao wenyewe. Wale wanaoficha, karibu wote, wanapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, au wako kwenye mkataba. Kwa kijana wa hesabu, kusema "naogopa" ni kumpa bosi sababu ya kumkabidhi chombo mtu mwingine. Aibu mbele ya wenzake ipo, ila haitoshi kueleza ukimya wake. Dhamira inabadilika mikononi mwako na kuwa: "Hofu husemwa na mwenye chombo." Ukifungua lile daftari, unaona ulitarajia aibu, na hesabu hukuiwaza kabisa. Angalizo moja: watu wawili hawathibitishi kwamba umiliki ndio chanzo. Wanakupa tafsiri inayowabeba wote 12 bila kumtupa mtu nje, na ndivyo unavyopaswa kuiandika.

Dhamira tatu au nne za namna hii zinatosha kwa sura moja. Ukiwa na tisa, nyingi zitakuwa misimbo iliyovaa koti kubwa.

Yaliyobaki ni ya uandishi. Usiandike kwamba dhamira "zilijitokeza". Wewe ulizijenga, onyesha ulivyozijenga. Kila nukuu ifuatwe na maelezo yako, na maelezo yasiwe nukuu ile ile kwa maneno mengine. Kama unaweza kuifuta nukuu na aya isipoteze kitu, au ukafuta maelezo na msomaji asikose kitu, kimoja hakijafanya kazi.

Halafu angalia majina. Umeshamwita "mshiriki wa 7" na umeona inatosha, lakini umeandika pia kwamba ana pikipiki yake, haendi usiku, na ajali yake ilitokea kwenye mzunguko fulani siku ya sikukuu. Wenzake wa kijiweni wakisoma watamjua kabla ya kumaliza mstari. Ondoa mzunguko, ondoa sikukuu. Umiliki wa pikipiki uache, kwa sababu dhamira nzima imesimama juu yake.